Jina la Ishirini na Nne

Orodha ya mahudhurio ilibandikwa mlangoni saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya mtihani wa Takwimu za Awali. Zawadi alishuka moja kwa moja hadi chini kutafuta herufi Z, akakosa. Alipoisoma tena taratibu aliona kwamba majina yalifuata namba za usajili, wala si alfabeti. Namba yake ilikuwa ikiishia 0417. Palikuwa na 0409, kisha 0422. Katikati hapakuwa na kitu. Majina yote yalikuwa 23.

Kilichomchanganya ni kwamba Jumatatu alikuwa amefanya mtihani katika chumba hichohicho na jina lake lilikuwapo, la saba kutoka juu. Alikuwa amesaini bila hata kulitazama mara mbili. Ila orodha hizi hutengenezwa kwa kila karatasi ya mtihani peke yake. Kuwapo kwenye ya Jumatatu hakumhakikishii mtu kuwapo kwenye ya Jumatano, na wengi hulijua hilo wakiwa wamesimama mlangoni.

"Andika jina lako hapo chini kwa kalamu, yaishe," kijana mmoja alimshauri.

"Au usaini kwa yule asiyekuja," mwingine akachombeza, nusu utani.

Ushauri wa kwanza ungeivuruga hesabu ya kituo. Wa pili ungemfukuzisha chuo. Zawadi aliuacha wote, akamwendea msimamizi mkuu, mama wa makamo aliyekuwa akipanga vijitabu vya majibu mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mbona umetoka kwenye foleni?"

"Jina langu halimo kwenye orodha ya STA 112. Jumatatu nilikuwamo."

Msimamizi hakushtuka. Aliomba vitu vitatu kwa mpangilio: kitambulisho cha mwanafunzi, hati ya mtihani, na ushahidi kwamba kozi yenyewe amesajiliwa. Kitambulisho kilikuwa sawa. Hati ya mtihani ilikuwa na kozi tatu tu, STA 112 haimo.

"Hii uliichapa lini?"

"Tarehe 9, mama."

"Na kozi hii uliiongeza lini?"

Zawadi alinyamaza kidogo. Aliiongeza tarehe 14, ndani ya wiki ya kuongeza na kupunguza kozi, baada ya kuona ana nafasi ya kozi moja zaidi. Hati hakuichapa upya. Hati ya mtihani haijibadilishi ikiwa begini. Hubaki na yale yaliyokuwa kwenye mfumo siku ilipochapwa.

Alitoa simu kumwonyesha picha ya ukurasa wa usajili. Msimamizi alitikisa kichwa. Picha ya skrini mtu anaweza kuichezea, kwa hiyo alitaka akaunti ifunguliwe palepale mbele yake. Mtandao ulisuasua dakika sita nzima. Ukurasa ulipofunguka, STA 112 ilikuwa mstari wa nne: "Imesajiliwa". Mama yule alisogeza kidole kulia hadi safu ya mwisho. Kozi tatu za kwanza zilikuwa na namba 08, namba ya kituo hicho. Mbele ya STA 112 paliandikwa "Kituo hakijachaguliwa".

"Umeona? Umesajiliwa kozi, ila hukusema utafanyia mtihani wapi."

Mwanafunzi wa masafa huchagua kituo mara moja mwanzoni mwa muhula, na kozi zote zilizopo wakati huo hukibeba. Kozi inayoongezwa baadaye huingia na nafasi ya kituo ikiwa tupu mpaka mwenyewe aijaze. Mfumo haupigi kelele. Ofisi ya mitihani inapotoa orodha, huchambua kwa namba ya kituo, na asiye na namba haendi kituo chochote. Kwa maneno mengine, siku hiyo jina la Zawadi halikuwa limepotelea kituo kingine. Lilikuwa halipo popote.

Hata hivyo hiyo ndiyo ilikuwa afadhali yake. Mtu asiyesajiliwa kozi hana la kusubiri, hurudishwa nyumbani. Aliyesajiliwa bila kituo anaweza kukaa mtihani kwa masharti, mradi ofisi ya mitihani ithibitishe.

Saa moja na dakika 50 msimamizi alipiga simu ofisini. Haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile. Saa hiyo kila kituo kina lake, na karani wa zamu ana masikio mawili tu. Akatuma ujumbe mfupi: namba kamili ya usajili, STA 112, kituo 08, "hayumo kwenye orodha, naomba uthibitisho". Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa haraka kuliko simu, kwa sababu karani hana la kuuliza zaidi.

Wakati wakisubiri, bahasha ya maswali ilikatwa lakiri mbele ya watahiniwa wawili walioitwa kushuhudia. Nakala zilikuwa 25: 23 za walioorodheshwa na mbili za akiba. Mtahiniwa wa mstari wa mbele akanyoosha mkono, ukurasa wa tatu wa nakala yake ulikuwa mweupe. Akapewa moja ya zile za akiba. Ikabaki moja. Zawadi, akiwa amesimama nje ya mlango uliokuwa wazi, aliiona ikiwekwa pembeni ya meza, akaikazia macho. Viti viwili vilikuwa bado vitupu, lakini nakala za wenye viti hivyo hazikuweza kuguswa. Mchelewaji huruhusiwa kuingia hadi dakika 30 baada ya mtihani kuanza, na mpaka hapo karatasi ni yake.

Saa mbili kamili mtihani ulianza bila yeye.

Saa mbili na dakika nne simu ya msimamizi ilitetemeka. Karani alikuwa ameandika: yumo kwenye orodha kuu ya watahiniwa wa kozi, kituo hakuna, akae kwa masharti, jazeni fomu.

Fomu ya mtahiniwa asiye kwenye orodha hujazwa nakala tatu. Moja hufungwa pamoja na kijitabu cha majibu, moja hubaki kituoni, ya tatu ni ya mwanafunzi. Zawadi alijaza majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya usajili, msimbo wa kozi, sababu, na saa ya kuingia. Namba ya kiti iliandikwa na msimamizi: 24. Chini kabisa palikuwa na sentensi kwamba anakubali majibu yake yasisahihishwe iwapo usajili wake utaonekana si halali. Aliisoma, kalamu ikasita hewani, kisha akasaini.

Aliingia saa mbili na dakika 11. Mtihani ungeisha saa tano kamili kama kwa wengine wote. Dakika zile 11 hazirudishwi, kwa kuwa kosa halikuwa la kituo.

Akiwa na haraka alianza kujaza jalada la kijitabu, mahali ambapo jina haliandikwi, namba tu. Msimamizi alisimama nyuma yake na kitambulisho mkononi, akasoma tarakimu moja moja.

"Umeandika 0471."

Kwa mtu aliye kwenye orodha, kosa hilo lingeonekana wakati wa kulinganisha namba ya jalada na ile iliyochapwa. Kwa Zawadi hapakuwa na cha kulinganisha nacho, na majibu yake yangekwenda kwa mtu mwingine au yasiende kwa yeyote. Alikata kwa mstari mmoja, akaandika 0417 juu yake, wote wawili wakatia saini fupi pembeni. Namba ya kijitabu nayo ikanakiliwa kwenye nakala zote tatu za fomu.

Kikaja kikwazo kingine. Majedwali ya takwimu yaliletwa 23 kamili, yasiyo na akiba. Ilimbidi asubiri hadi dakika ya 30 ipite. Alipitia maswali yote haraka. La kwanza lilitaka wastani na mtawanyiko, la tatu lilitaka kuchora mchoro wa nguzo na kuueleza. Yote mawili hayakuhitaji jedwali. La nne, la kupima nadharia tete, akalisukuma mbele. Saa mbili na nusu mmoja wa wale wawili hakuwa ametokea, wala mwenzake, na msimamizi aliyachukua majedwali ya kiti kitupu akayaweka mbele ya Zawadi bila kusema neno. Alipoyainua macho yake kutoka kwenye mchoro, mstari wa mwisho wa nguzo ulikuwa umepinda.

Saa tano vijitabu vilikusanywa. Mbele ya majina mawili msimamizi aliandika "HAYUPO" kwa wino mwekundu. Waliosaini walikuwa 21, vijitabu 21, vikafungwa pamoja na orodha. Cha 22 kiliingia kwenye bahasha ndogo na fomu yake, na bahasha ndogo ikawekwa juu ya vile vingine ndani ya bahasha kubwa. Kingechanganywa na vingine, anayehesabu angekuta kijitabu kimoja zaidi ya saini, na fungu zima la kituo lingesimamishwa mpaka maelezo yapatikane.

"Nakala yako hii, itunze," mama yule alisema. "Na usilale leo hujawaandikia. Kule kwenye akaunti huwezi tena kuchagua kituo, pameshafungwa."

Jioni hiyohiyo Zawadi aliandika barua pepe kwa ofisi ya mitihani, fupi:

"Mimi ni mwanafunzi wa masafa, namba ya usajili kama ilivyo kwenye fomu iliyoambatishwa. Leo nimefanya mtihani wa STA 112 kituo namba 08 kwa masharti, kwa kuwa kozi niliiongeza tarehe 14 na sikuchagua kituo. Naomba kituo 08 kiingizwe kwenye kumbukumbu zangu za kozi hii na mahudhurio yangu yatambuliwe. Nimeambatisha nakala ya fomu, nakala ya kitambulisho na ukurasa wa usajili."

Jibu la kupokelewa lilikuja kesho yake, lenye namba ya shauri. Aliiandika nyuma ya fomu.

Wiki ya saba baada ya mitihani matokeo yalitoka. Kozi tatu zilikuwa na alama. STA 112 ilisomeka "Haijakamilika", neno ambalo mfumo huliandika pale penye alama za zoezi endelevu lakini pasipo na mahudhurio ya mtihani. Mtu anayelikuta hapo kwa mara ya kwanza hudhani amefeli. Zawadi alituma barua pepe ya pili juu ya ileile ya kwanza, akataja namba ya shauri na namba ya kijitabu, akaambatisha fomu tena ingawa wanayo.

Siku ya nne ya kazi alifungua akaunti. Safu ya kituo, iliyokuwa tupu muhula mzima, ilikuwa na 08. Kando yake, 61.