Makala ya mwani: maoni ya wahakiki, ya lazima na ya hiari

Profesa, shikamoo. Dada Salma, habari za kazi.

Barua ya mhariri imeingia jana, tarehe 14 Oktoba. Uamuzi ni marekebisho makubwa na tumepewa siku 60, yaani mwisho ni 13 Desemba. Mhakiki wa 1 ameandika kurasa nne za ukali. Wa 2 nusu ukurasa wa upole, na huyo mpole ndiye aliyetushika pabaya. Kwa hiyo sikupanga maoni kwa ukali wa maneno. Nimeita la lazima lile ambalo mhariri amelirudia kwenye barua yake, au ambalo tukiliacha hitimisho letu linaanguka.

YA LAZIMA

1. Takwimu (Mhakiki 2, mhariri amelirudia). Kamba 240 tumezichambua kana kwamba kila moja inajitegemea. Ukweli ni kwamba zimetoka mashamba 12, kamba 20 kila shamba, na kamba za shamba moja zinapata joto lilelile, mkondo uleule na mikono ya mkulima yuleyule. Mhakiki ameandika tu kwamba "waandishi wangeweza kufikiria" modeli inayozingatia shamba. Adabu hiyo isitudanganye: Jedwali la 3 lote limesimama hapo. Dada Salma, naomba uchambuzi urudiwe hivi:

```r
lmer(ukuaji ~ joto * aina + kijiji + (1 | shamba), data = mwani)
```

Kijiji kibaki hapo kilipo, kwa sababu viwili tu, Paje na Jambiani, havitoshi kuingia upande wa `(1 | ...)`. Nahisi tofauti ya vijiji itafifia, ila ya kotonii na spinosamu itabaki. Kama athari ya joto nayo itapotea, tuzungumze kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa ikisiri.

2. Madai ya sababu (wahakiki wote wawili). Mstari wa 31 na wa 305 tunasema joto "limesababisha" kufa kwa kotonii. Tulipima Desemba hadi Machi, kaskazi peke yake, na chumvi ya maji hatukuipima kabisa. Mhakiki 1 anasema "ni lazima" tuongeze data za kusi. Ndani ya siku 60 haiwezekani, na mhariri hakulidai. Yeye anataka tuandike "linahusiana na", kisha tueleze upungufu wa msimu mmoja katika aya yake, si kwa kuuficha kwenye mabano kama sasa.

3. Majina ya kisayansi. Majina ya sokoni hayatoshi. Kotonii tunayoizungumzia ni *Kappaphycus alvarezii*, na ipo spishi nyingine kabisa iitwayo *Kappaphycus cottonii*, hivyo msomaji anaweza kupotea. Spinosamu iandikwe *Eucheuma denticulatum*. Hili nitalifanya mimi.

4. Fomula ya kasi ya ukuaji wa kila siku haimo kwenye mbinu. Tulitumia `((Wt/W0)^(1/t) - 1) * 100`, wengine hutumia logi, na majibu hutofautiana kidogo. Sentensi moja inatosha.

5. Namba ya kibali cha utafiti, na maelezo ya jinsi wakulima walivyotoa ridhaa ya kuhojiwa. Profesa, kibali kiko kwako.

WANAPOGONGANA

Mhakiki 1 anataka sehemu ya mahojiano iondolewe, wa 2 anataka irefushwe, mhariri kanyamaza. Maoni yangu ibaki, ila ipungue iwe aya tatu. Ni hapo tu msomaji anapoelewa kwa nini wakulima hawahamishii kotonii kwenye maji ya kina: wengi ni wanawake, na waliotuambia hawajui kuogelea wala hawana chombo si wachache. Jibu letu kwa Mhakiki 1 lieleze hivyo bila kubishana.

YA HIARI

Ramani yenye rangi zinazosomeka hata ikichapwa nyeusi na nyeupe: tufanye, ni kazi ndogo. Kichwa kifupi zaidi: sawa. Aya ya historia tangu kilimo cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989: sentensi mbili tu. Bei ya mwani: hapana, hiyo ni makala nyingine.

Mhakiki 1 ametaka pia tutaje makala nne, zote za mwandishi mmoja (mnaweza kukisia ni nani). Nimezisoma. Mbili zinahusu ugonjwa wa mwani kuwa mweupe na kukatika, zinatufaa. Mbili hazihusiani, tuziache na tuseme kwa nini. Na ushauri wake kwamba Kiingereza kipitiwe na "mzawa wa lugha" nimeuweka mwisho kabisa, ingawa mstari wa 118 kweli hausomeki, nitaunyoosha.

Dada, matokeo mapya yakinifikia kabla ya 5 Novemba, rasimu ya barua ya majibu itakuwa mezani kwa Profesa tarehe 20.

Haji