Oda yako ya sare za kwaya: naomba unithibitishie kabla sijakata

Shikamoo Mama Upendo. Habari za Ifakara? Ni Rehema wa duka la vitambaa, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Oda yako ya jana usiku nimeiona, ahsante sana. Uliandika hivi: "Kitenge bluu 12, kitambaa cheusi cha suruali 40, fulana nyeupe 25 kubwa." Mzigo upo, ila mkasi sijaushika, maana kuna mahali nikibahatisha nitakuumiza.

Kitenge 12 ni yadi 12 au pisi 12? Pisi zetu ni za yadi 6, kwa hiyo pisi 12 ni yadi 72. Mwaka jana mteja aliniandikia "khanga 20", nikamfungia doti 20, kumbe alitaka vipande 20, yaani doti 10. Nauli ya kurudisha mzigo tuligawana, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Tangu hapo nauliza.

Bluu nazo ninazo mbili za ua lilelile: bluu bahari, na bluu iliyokolea inayokaribia nyeusi. Picha nilizokutumia sasa hivi nimezipiga barazani juani, kwa sababu taa za dukani zinabadilisha rangi. Ya kwanza ni bahari, ya pili ni iliyokolea. Nitajie namba ya picha.

Kitambaa cheusi ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. 40 ni mita au yadi? Yadi 40 ni kama mita 36 na nusu tu. Kama unashona suruali 25, na kila moja inakula mita moja na nusu, unahitaji mita 37 na nusu, kwa hiyo kwa yadi utakwama kwenye suruali ya mwisho. Nahisi ulikusudia mita, lakini neno ni lako, maana kikishakatwa hakirudi kwenye jora.

Fulana "kubwa" ni L au XL? Mzigo huu umekuja mdogo kidogo. Nimepima kwa futi ya fundi, kwapa hadi kwapa: L ni sentimita 52, XL ni 56. Chukua fulana inayomkaa vizuri mwanakwaya mmoja, ilaze mezani, pima, unitumie kipimo. Kama wote 25 si wa saizi moja, niandikie wangapi L na wangapi XL.

Pesa usitume kwanza. Ukishanijibu nitakuandikia jumla, kila kitu na kipimo chake, uisome ndipo ulipe. Nimekuwekea mzigo pembeni hadi leo saa kumi jioni. Nikipata jibu kabla ya hapo, naufunga usiku na unapanda basi la kesho alfajiri. Ukichelewa kidogo si neno, nipigie tu nisije nikamuuzia mwingine ile bluu iliyokolea, imebaki pisi 14.