TANGAZO LA MKUTANO WA USALAMA WA MTAA: JUMAPILI, 14 JUNI 2026

Kwa: Wakaaji wote wa ploti tisa za mstari wetu, Umoja, Nairobi, wenye ploti na wapangaji, makeateka, wenye vibanda, na vijana wa bodaboda wa steji ya Moi Drive
Kutoka: Mwenyekiti wa Nyumba Kumi
Tarehe: Jumatano, 3 Juni 2026

Majirani wapendwa,

Mnaalikwa kwenye mkutano wa usalama Jumapili tarehe 14 mwezi huu, kuanzia saa tisa kamili alasiri hadi saa kumi na moja na nusu jioni, pale uwanja wa kuegesha magari kando ya tangi la maji. Nimesema saa tisa. Sio ile saa tisa yetu ya Nairobi ambayo watu wanafika saa kumi wakiuliza kama wamechelewa. Giza likiingia kila mtu anataka awe amefunga mlango wake, na nadhani sababu mnazijua.

Jumamosi tuliiacha kwa ajili ya majirani wanaoshika Sabato, na asubuhi ya Jumapili ni ya kanisa. Akina mama wa chama cha Jumapili nimeongea na mweka hazina wao. Wamekubali kusogeza kikao chao wiki moja, na nawashukuru. Chifu amejulishwa. Mkuu wa kituo cha polisi naye tulimpelekea barua jana, kwa sababu sheria inataka polisi wajulishwe kuhusu mkutano wa hadhara angalau siku tatu kabla. Ameahidi kumtuma afisa mmoja atusikilize. Kwa hivyo asiwepo wa kushtuka akiona sare.

MAMBO TUTAKAYOZUNGUMZA

1. Kijia cha kutoka steji. Hapa ndipo tutatumia muda mwingi zaidi. Tangu Pasaka watu wanne wa mtaa huu wamepigwa ngeta kati ya ukuta wa shule na kibanda cha fundi viatu, wote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Watatu walikuwa wakienda kazini, wa nne alikuwa akirudi. Mmoja ni mama anayechukua mboga Mutindwa kabla kuche. Alinyang'anywa simu na pesa za mtaji, na hadi leo anameza mate kwa shida. Ni hatua kama themanini hivi, nimezihesabu mwenyewe, lakini ukiwa katikati huonekani kutoka steji wala kutoka geti la kwanza.

Nataka tukubaliane jinsi ya kutembea pamoja. Wanaotoka saa kumi na nusu wawe na mahali pa kungojana, na soja awasindikize hadi barabarani kabla hajabadilisha zamu. Vijana wa bodaboda wamesema wawili wao wanaweza kuegesha wakiwa wamewasha taa kuelekea kijiani hadi kupambazuke. Wanataka kujua tutawasaidiaje na mafuta. Hilo ni swali la haki, tulijibu.

2. Taa. Ile mulika mwizi ya kona imezimika tangu Aprili. Barua mbili zimepelekwa kwa ofisi inayohusika, zote zikapigwa muhuri, na nakala nitakuja nazo. Wakati tunangoja, angalieni alichofanya mama wa kibanda cha chapati: ametoa balbu moja nje ya dirisha lake, akaifunika na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa nusu ili mvua isiingie, na pale kwake hakujatokea kisa. Tutauliza kila ploti itoe balbu moja inayoangalia njia. Stima ya balbu moja ndogo si ya kuvunja urafiki, ila najua kuna wenye ploti watakaosema ni ya wapangaji na wapangaji watakaosema ni ya mwenye ploti. Njooni mkiwa mmeshaelewana.

3. Soja na mchango. Hesabu ndiyo hii, kabla ya maneno. Nyumba zetu ni 112, kila moja shilingi 200 kwa mwezi, yaani tunapaswa kupata 22,400. Mei walilipa 71, tukapata 14,200. Soja analipwa 18,000. Zile 3,800 zilizopungua zilitoka kwenye akiba ya tochi na filimbi, na sasa akiba hiyo imekwisha. Daftari litakuwa mezani, kila mtu aangalie jina lake. Sitasoma majina ya wasiolipa mbele ya watu. Kuna nyumba mtu amefutwa kazi na hajamwambia hata jirani wa mlango wa pili. Ukiwa na shida, njoo kwangu tuongee kando.

4. Mageti. Saa tano usiku tulikubaliana, na saa saba bado kuna geti limeachwa wazi na jiwe. Geti la ploti ya nne, nalitaja kwa sababu keateka mwenyewe ameniomba nilitaje: komeo lilivunjika na sasa wanaingiza msumari wa inchi nne mahali pake. Mtoto wa miaka sita anautoa. Juzi niliutoa mimi kwa vidole viwili.

5. Kamera. Ploti tatu zimeweka kamera, na ni jambo zuri. Lakini moja inaangalia moja kwa moja dirisha la chumba cha watu upande wa pili. Katiba, Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Kamera iangalie geti na njia. Na picha zake zikionyesha kisa zipelekwe kituoni. Zikitupwa kwenye kundi la wasapu, hadi usiku zinakuwa zimefika Kayole na mtu amehukumiwa.

6. Mengineyo. Kelele za usiku, mbwa wasio na mwenyewe, na takataka nyuma ya tangi. Dakika kumi tu.

KUHUSU HESHIMA MKUTANONI

Hapa naomba msome polepole.

Mkutano wa Machi mliuona. Kijana mmoja alionyeshwa kidole kwamba ndiye anayewaitia wezi. Kabla sijasimama shati lake lilikuwa limeraruka hadi kwapani. Kosa lake lilikuwa kuonekana kijiani saa kumi alfajiri siku tatu mfululizo. Kumbe anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mkate, na zile siku tatu alikuwa zamu. Mfuko aliokuwa amebeba, ule watu waliosema ni wa vitu vya wizi, ulikuwa na mikate miwili iliyopondeka ambayo wafanyakazi hupewa. Mama yake bado hanisalimii, na simlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti siku hiyo.

Kwa hivyo safari hii taratibu ni hizi. Sema ulichoona kwa macho yako: siku gani, saa ngapi, mahali gani. Ulichosikia kwa mtu, mwache huyo mtu akiseme. Jina la mtu halitatajwa mkutanoni kama mshukiwa. Ukiwa na jina, utamwambia afisa kando, au chifu, au upige simu ya bure ya DCI, 0800 722 203, ambako si lazima ujitambulishe. Nyumba Kumi si polisi wala si mahakama. Tangu mpango huu uanze 2013 kazi yetu ni kujuana na kupeana habari. Mtu akikamatwa ni wa kupelekwa kituoni, na Ibara ya 49 inataka afikishwe kortini kabla ya saa ishirini na nne kupita, au siku ya kazi inayofuata ikiwa korti imefungwa. Kumpiga hadi afe ni mauaji, hata kama waliompiga ni mtaa mzima.

Kabila la mtu halitatajwa. Wala "hao wa kule chini", wala "chokoraa". Wapangaji na wenye ploti wana sauti moja. Vijana, hasa nyinyi, msibaki nyuma kwenye ukuta mkicheka. Mnaongelewa kila siku bila kuwepo, sasa njooni mjiongelee. Akina mama wataanza kuzungumza katika jambo la kwanza kwa sababu ndio wanaotumia kile kijia zaidi.

Anayeongea atashika tochi ya soja. Asiye na tochi anasikiliza. Dakika tatu kila mtu, na katibu ana saa. Aliyekunywa akapumzike nyumbani, tutamwelezea kesho yake. Usirekodi wenzako na simu. Mtu aliyeibiwa anaeleza aibu yake pale, si yako kuisambaza.

Na kwa kuwa 2027 haiko mbali: mheshimiwa yeyote akija anakaribishwa kama jirani. Ataketi kwenye stuli kama sisi, hatapewa kipaza sauti, na bahasha yake atarudi nayo.

KABLA YA SIKU HIYO

Fanyeni mambo mawili. Kwanza, kila mtu abonyeze *#06# kwenye simu yake. Zitatokea tarakimu 15 za kuitambulisha simu yako. Ziandike kwenye karatasi uweke nyumbani, sio ndani ya simu hiyo hiyo. Katika wale wanne walioibiwa ni mmoja tu aliyekuwa nazo alipoenda kuandikisha. Pili, kama umewahi kuibiwa na hukuripoti, nenda ukaripoti hata sasa, uchukue namba ya OB, uje nayo. Tukimwambia mkuu wa kituo kwamba tunaumizwa na kwenye kitabu chake kuna kisa kimoja, atasoma kitabu.

Kukiwa na dharura kabla ya tarehe 14, usingoje mkutano. Piga 999 au 112. Mtoto akiwa hatarini ni 116, na kwa dhuluma za nyumbani ni 1195. Zote ni za bure. Halafu ndipo unipigie mimi. Namba yangu iko kwenye kila geti, chini ya ile ya keateka.

Kila mtu abebe stuli au kiti chake, na sweta, maana baridi ya Juni mnaijua. Watoto wadogo waje tu, kutakuwa na uji. Nahitaji watu wanne wa kupanga meza kuanzia saa nane, na mwenye sufuria kubwa ya uji anijulishe kufikia Ijumaa, kwa sababu ile ya mtaa ina tundu.

Wenu,
Mwenyekiti wa Nyumba Kumi
(kwa niaba ya kamati ya usalama ya mtaa)

Nakala: Chifu, Mkuu wa Kituo cha Polisi, makeateka wote, ambao wanaombwa kubandika tangazo hili ndani ya geti, si nje, lisinyeshewe kama lile la Machi.