Tathmini ya Vihatarishi na Utaratibu wa Kazi: Shimo la Tangi la Maji la Chini ya Ardhi, Mikocheni

Toleo la Kiswahili la hati ya Kiingereza, toleo la 2, la tarehe 22 Juni 2026. Linatumika saiti kuanzia Jumatatu tarehe 6 Julai hadi Ijumaa tarehe 31 Julai 2026. Namba zote ni zilezile katika hati zote mbili. Ukiona kipimo au agizo linalotofautiana kati ya hati hizi, kazi inayohusika inasimama mpaka mhandisi wa mradi aamue kwa maandishi.

Jinsi ya kusoma hati hii

Sehemu A inataja vihatarishi tu, yaani kitu kinachoweza kuumiza mtu au kubomoa mali, na namna kinavyoumiza. Sehemu B inataja hatua za udhibiti tu. Sehemu C inataja mtu mmoja anayewajibika kwa kila kazi ndani ya hatua hizo. Kihatarishi K1 kinadhibitiwa na U1, na wenye kazi za U1 wamo Sehemu C. Tumezitenga makusudi. Zikichanganywa katika aya moja, fundi anasoma "kuwa makini na udongo" akadhani ameshalindwa, wakati hakuna bamba lililosimamishwa wala mtu aliyepewa kazi ya kulikagua.

Kiwango cha hatari ni uwezekano (1 hadi 5) mara uzito wa madhara (1 hadi 5). Kuanzia 15 kwenda juu, kazi haianzi kabla udhibiti haujawekwa na kukaguliwa.

Kazi yenyewe

Kuchimba shimo la meta 6 kwa 4, kina meta 2.8, nyuma ya jengo la ghorofa tatu linaloendelea kujengwa, kisha kujenga tangi la zege lenye vipimo vya nje vya meta 5 kwa 3. Udongo ni mchanga uliolegea tangu juu hadi chini. Mashimo ya majaribio yalikuta maji kwenye kina cha meta 2.1. Ukuta wa uzio wa jirani uko meta 1.9 kutoka ukingo wa shimo, na nyuma yake kuna banda ambamo familia inalala.

SEHEMU A: VIHATARISHI

K1. Kuta za shimo kuporomoka (4 × 5 = 20). Mchanga huu hausimami wima. Unaweza kuonekana umetulia asubuhi ukiwa na unyevu, ukakauka kufikia saa sita mchana na kumwagika bila kutoa ufa wala sauti. Meta moja ya ujazo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua hata kama kichwa kiko nje.

K2. Ukuta wa jirani kuinama au kuanguka (3 × 5 = 15). Msingi wake ni wa matofali, kina sentimeta 60 tu. Ardhi ikisogea upande wa shimo, ukuta unaifuata. Wanaoumia hapa si wafanyakazi peke yao.

K3. Pampu kutoa mchanga pamoja na maji (4 × 5 = 20). Hiki ndicho kihatarishi ambacho watu wengi saiti hawakioni, kwa sababu juu kila kitu kinaonekana shwari. Maji yakivutwa kwa nguvu hubeba chembe za mchanga kutoka nyuma ya mabamba na chini ya msingi wa jirani, na pango linajengeka polepole. Aidha, sakafu ya shimo inaweza kuanza kuchemka kama uji, ikapoteza nguvu ya kubeba mtu na mabamba.

K4. Nyaya za umeme na mabomba yaliyofukiwa (3 × 5 = 15). Kebo ya TANESCO inayolisha jengo inapita upande wa mashariki. Bomba la DAWASA liko karibu na geti.

K5. Kijiko na malori kugonga watu (3 × 5 = 15). Mwendeshaji haoni nyuma wala upande wa kulia wa mkono wa kijiko. Geti ni moja, na mama lishe hupita hapohapo saa nne asubuhi.

K6. Moshi wa injini shimoni (3 × 5 = 15). Hewa ya sumu itokayo kwenye injini ya petroli haina harufu wala rangi.

K7. Saruji mbichi, ncha za nondo, kuteleza (3 × 3 = 9). Saruji iliyolowa huunguza ngozi taratibu, na mtu hugundua baada ya saa kadhaa.

K8. Tangi kuelea (3 × 4 = 12). Sakafu ya zege peke yake, yenye unene wa sentimeta 30, ina uzito wa takriban tani 10.8. Maji yakirudi kwenye kina chake cha meta 2.1 yatasukuma juu kwa takriban tani 10.5. Nafasi hiyo ni ndogo mno, na mvua moja isiyotarajiwa inaimaliza.

SEHEMU B: HATUA ZA UDHIBITI

Kofia ngumu, buti au gambuti, rifleketa na glavu ni lazima kwa kila anayeingia saiti. Hazihesabiwi kama udhibiti wa K1, K2 wala K3. Helmeti haimzuii mtu kufukiwa.

U1. Mabamba ya chuma ya meta 6 yanashindiliwa kuzunguka shimo lote kabla ya kuchimba zaidi ya meta 1. Mihimili ya mlalo na ya kuegemeza inafungwa kwenye kina cha meta 0.8, kwa mchoro uliosainiwa na mhandisi. Hakuna anayeshuka kabla haijafungwa. Udongo uliochimbwa unakaa meta 2 au zaidi kutoka ukingoni. Ngazi mbili, moja kila upande mfupi, zinachomoza meta 1 juu ya ukingo. Uzio wa meta 1.1 unazunguka shimo. Ukaguzi unafanyika kila asubuhi kabla ya mtu kushuka, baada ya mvua, na baada ya kijiko kugusa bamba lolote.

U2. Upande wa jirani mabamba yanasukumwa taratibu kwa kijiko, bila kutumia nyundo ya mtetemo. Picha za ukuta zinapigwa kabla ya kuanza, jirani akiwepo. Alama za jasi zinabandikwa juu ya nyufa zilizopo, na timazi inasomwa asubuhi na jioni. Ukuta ukisogea milimeta 5, au alama ya jasi ikipasuka, uchimbaji unasimama. Familia imekubali kulala upande wa pili wa nyumba siku zote za uchimbaji, na mkandarasi amelipia gharama za kuhamisha vitu vyao.

U3. Pampu inavuta kutoka kwenye kisima kidogo kilichozungushiwa kitambaa cha kuchujia na kokoto, si kutoka kwenye sakafu ya shimo moja kwa moja. Kila saa moja ndoo ya lita 20 inajazwa maji kutoka kwenye mdomo wa hozi, inaachwa itulie dakika 10, kisha inamwagwa polepole. Kukibaki tabaka la mchanga chini, watu wanatoka shimoni, pampu inapunguzwa mwendo na mhandisi anaitwa. Sakafu ikianza kuchemka, watu wanatoka mara moja na shimo linaachwa lijae maji. Shimo lililojaa maji halimuui aliye juu. Maji yanaelekezwa kwenye mtaro wa barabara kupitia tangi la kutulizia mchanga, wala si kwa jirani.

U4. Umeme wa kebo ya mashariki unazimwa na TANESCO na uthibitisho wa maandishi unakuwepo saiti. Meta 1 kila upande wa kebo na bomba inachimbwa kwa sepetu, bila sururu wala kijiko. Vifaa vyote vya umeme vinapitia swichi ya kukata umeme ya miliampia 30.

U5. Eneo la kijiko linafungwa kwa uzio. Kuna mwelekezaji mmoja mwenye rifleketa ya rangi ya machungwa, na mwendeshaji anafuata ishara zake tu. Lori halirudi nyuma bila yeye. Chakula kinauzwa nje ya geti.

U6. Shimoni inatumika pampu ya umeme ya kuzamisha. Jenereta na injini zote zinakaa juu, meta 5 kutoka ukingoni, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na shimo.

U7. Gambuti ndefu na glavu za mpira kwa wote wanaomwaga zege. Maji safi ya kunawa hatua chache kutoka kazini. Vifuniko vya plastiki kwenye ncha za nondo.

U8. Pampu inaendelea usiku na mchana tangu sakafu imwagwe hadi kuta zifike kimo chote cha meta 2.2. Pampu ya akiba na jenereta vinakuwepo saiti. Pampu haizimwi bila saini ya mhandisi.

Baada ya udhibiti, viwango vinashuka hivi: K1, K2 na K3 hadi 5, K4, K5 na K6 hadi 5, K7 hadi 4, K8 hadi 4. Uzito wa madhara ya K1 haupungui kamwe, kinachopungua ni uwezekano. Ndiyo maana ukaguzi wa U1 haurukwi hata siku moja.

SEHEMU C: WAJIBU

Kila kazi ndani ya hatua ina mtu mmoja. Anaweza kusaidiwa na wengine, lakini jibu linatoka kwake.

Mhandisi wa mradi: mchoro wa U1, uamuzi wote wa U2 na U3 kipimo kinapovukwa, na saini ya U8.

Msimamizi wa saiti: kufunga mabamba na mihimili kwa mujibu wa mchoro (U1), kupata uthibitisho wa TANESCO (U4), mawasiliano na jirani (U2).

Ofisa usalama: ukaguzi wa kila siku wa U1 na kibali cha kushuka shimoni, kusoma timazi na alama (U2), U6. Asipokuwepo, hakuna kibali, na hakuna anayeshuka. Msimamizi hawezi kutoa kibali hicho kwa niaba yake.

Fundi pampu wa zamu: ndoo ya U3 na daftari lake, uendeshaji wa pampu (U8).

Mwelekezaji: U5. Hapewi kazi nyingine wakati kijiko kinawaka.

Fomeni wa zege: U7.

Kila mfanyakazi, kibarua wa siku akiwemo: kusimamisha kazi anapoona hatari. Hakatwi malipo ya siku hiyo. Mkandarasi amesaini hilo.

UTARATIBU WA KAZI

Saa moja na nusu asubuhi kunakuwa na kikao cha usalama cha dakika 15, kwa Kiswahili, na maswali yanajibiwa kabla watu hawajatawanyika. Kisha kazi inafuata mpangilio huu: kutafuta na kuweka wazi kebo na bomba kwa mkono, kusukuma mabamba, kuchimba hadi meta 1 na kufunga mihimili, ukaguzi na kibali, kuchimba hadi meta 2, kuwasha pampu na kufanya kipimo cha ndoo kwa saa 4 bila mtu shimoni, kuchimba hadi meta 2.8; zege jepesi la kusawazisha; nondo; zege la sakafu; fomu na zege la kuta; kurudishia udongo huku mihimili ikiondolewa pale tu udongo ulioshindiliwa umeifikia. Mabamba yanang'olewa mwisho, yale ya upande wa jirani yanaachwa ardhini.

DHARURA

Mtu akifukiwa, hakuna anayeruka shimoni kumfuata, na kijiko hakitumiki kumfukua. Mwendeshaji anazima injini, ofisa usalama anahesabu watu kwa orodha ya kibali, fomeni anapiga 114 kwa Zimamoto na kutaja alama za eneo zilizobandikwa getini. Uokoaji unafanywa kwa mikono na sepetu fupi baada ya kuegemeza upande ulioporomoka. Gari la saiti linabaki tupu na ufunguo wake kwa mlinzi saa zote za kazi. Hospitali ni Mwananyamala. Msimamizi anaitaarifu OSHA kuhusu ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kufungua dai la aliyeumia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Eneo la ajali haliguswi mpaka mkaguzi aruhusu, isipokuwa kwa kuokoa maisha.

Nakala zimebandikwa getini, kwenye ofisi ya saiti na karibu na pampu. Wasiosoma wanasomewa na ofisa usalama siku yao ya kwanza, kisha wanamweleza kwa maneno yao wenyewe K1, K3 na mahali ngazi zilipo kabla ya kuandikwa kwenye orodha ya kushuka.