Maswali ya Utengenezaji wa Protini: Kutoka Uzi wa DNA hadi Amino Asidi
Kikundi cha Jumamosi, Nakivale. Wanafunzi wa S.5

Wanangu, nimesahihisha karatasi zenu za wiki iliyopita na nimeona jambo moja. Jedwali la kodoni mnalisoma vizuri. Mnakosea kabla ya kulifikia, pale mnapopokea uzi wa DNA na kuanza kuandika bila kuuliza: huu ni uzi gani, na ncha ya 3' iko upande upi? Mtihani wa UACE utakuja kwa Kiingereza, nalijua hilo. Lakini mtu akishaielewa hesabu hii kwa lugha anayoiotea ndoto, ataifanya kwa lugha yoyote.

Jedwali lina kodoni 64. Kati ya hizo, 61 zinataja amino asidi, na tatu ni za kusimamisha: UAA, UAG na UGA. AUG ni methionini, na ndiyo ya kuanzia. Herufi ya kwanza itafute upande wa kushoto, ya pili juu, ya tatu upande wa kulia. Hiki ni kipande cha safu ya G:

```
GUU GUC GUA GUG   valini
GCU GCC GCA GCG   alanini
GAU GAC           asidi aspatiki
GAA GAG           asidi glutamiki
GGU GGC GGA GGG   glisini
```

Jedwali limeandikwa kwa herufi za RNA mjumbe, zisomwazo kutoka 5' kwenda 3'. Usiingize herufi za DNA humo.

Swali la 1. Huu ni uzi wa kiolezo, yaani ule unaonakiliwa. Andika RNA mjumbe na amino asidi zake.

```
3'-TAC CAC GTG GAC TGA GGA CTC CTC-5'
```

*Jibu.* Kiolezo kimeanzia 3', kwa hiyo RNA itaanzia 5' moja kwa moja. A hukutana na U, T na A, G na C, C na G.

```
5'-AUG GUG CAC CUG ACU CCU GAG GAG-3'
```

Methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki.

Wanne kati yenu mlifika kwenye TGA mkaandika "simama". Nawaelewa, maana inafanana kabisa na UGA. Ila TGA hiyo iko kwenye kiolezo. Ribosomu haikioni kiolezo kamwe. Inaona ACU, nayo ni threonini. Ukishaandika mstari wa RNA, uzi wa DNA ufunike kwa kiganja.

Swali la 2. Katika uzi huohuo, CTC ya kwanza imegeuka CAC. Kuna badiliko gani kwenye protini?

*Jibu.* RNA inakuwa GUG badala ya GAG. Asidi glutamiki inaondoka, valini inakaa mahali pake.

Hapa nataka tukae kidogo. Uzi niliowapa sikuutunga. Ni mwanzo wa jeni ya beta globini, sehemu ya himoglobini iliyomo katika damu ya kila mmoja wenu. Badiliko la herufi hiyo moja ndilo sikoseli. Methionini ya mwanzo hukatwa protini ikishatengenezwa, ndiyo maana vitabu husema badiliko liko nafasi ya 6: hesabuni kuanzia valini ya kwanza mtaifikia. Asidi glutamiki ina chaji hasi na hukaa vyema majini. Valini hukwepa maji. Himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hujibanza kwenye himoglobini jirani, zikaungana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu ikapinda kama mundu.

Uganda ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wa jinsi chembe hizo zilivyoenea kati ya makabila ya nchi hii, na Waamba wa Bundibugyo walikuwa na kiwango cha juu mno. Wengi wenu mna ndugu au jirani mwenye sikoseli. Mkisikia mtu akisema mtoto amerogwa, au kwamba kosa ni la mama, mnajua sasa la kumjibu: ni A badala ya T kwenye kiolezo, na mtoto mgonjwa amerithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama.

Swali la 3. Uzi wa msimbo (si kiolezo) ni huu. Protini yake ina amino asidi ngapi?

```
5'-ATG TTT GGC AAA TGG TAA-3'
```

*Jibu.* Uzi wa msimbo unafanana na RNA, isipokuwa T huwa U. Usitafute herufi pacha. AUG UUU GGC AAA UGG UAA: methionini, fenilalanini, glisini, lisini, triptofani, kisha simama. Ni tano. UAA haina amino asidi, msiihesabu.

UUU ndiyo kodoni ya kwanza kabisa kujulikana maana yake. Mwaka 1961 Nirenberg na Matthaei walitia RNA yenye U tupu katika mchanganyiko wa seli zilizopondwa, ikatoka protini ya fenilalanini tupu.

Swali la 4. Kiolezo kimeandikwa hivi. Toa amino asidi.

```
5'-TTACCATTTGCCAAACAT-3'
```

*Jibu.* Hili ndilo lililowaangusha karibu wote. Kiolezo kimeanzia 5', kwa hiyo kigeuze kwanza kianzie 3':

```
3'-TACAAACCGTTTACCATT-5'
5'-AUGUUUGGCAAAUGGUAA-3'
```

Ni protini ileile ya swali la 3. Asiyegeuza hupata AAU GGU AAA CGG UUU GUA na kuendelea kwa furaha: asparajini, glisini, lisini... Kuna hata aliyeona AUG kuanzia herufi ya pili akaanzia hapo. Alitafuta kodoni ya kuanzia, na hilo nampongeza, lakini alikuwa anasoma sentensi kutoka mwisho.

Swali la 5. Rudi kwenye RNA ya swali la 3. Eleza matokeo ya: (a) GGC kuwa GGU, (b) UGG kuwa UGA, (c) kupotea kwa U moja ya UUU.

*Jibu.* (a) Bado glisini, protini haibadiliki. (b) Protini inakatika baada ya lisini. (c) Herufi zote zinazofuata zinasogea: AUG UUG GCA AAU GGU AA, yaani methionini, leusini, alanini, asparajini, glisini, na ishara ya kusimama imepotea. Linganisheni (a) na (c) kabla ya kusema kwamba badiliko la herufi moja ni dogo.

Swali la 6. Beta globini iliyokomaa ina amino asidi 146. RNA yake inahitaji herufi ngapi, kutoka kodoni ya kuanzia hadi ya kusimamisha?

*Jibu.* (146 + 1 + 1) × 3 = 444. Moja ni methionini iliyokatwa, nyingine ni kodoni ya kusimamisha.

Swali la 7. Hili sitoi jibu. Ni kiolezo, na si lazima protini ianzie herufi ya kwanza.

```
3'-GGTACAAAGTTCGTATTACC-5'
```

Leteni Jumamosi. Nataka kuona mstari wa RNA ukiwa na 5' na 3' zake. Aliyeandika amino asidi peke yake nitamrudishia karatasi, hata kama amepata.