Bibi Amekufa, Mwanangu

Njoo ukae hapa na mimi. Njoo na gari lako tu, si lazima uliache. Baba naye anakuja, amekwenda kufunga mlango.

Nina habari ya kukuambia, na ni habari ya huzuni sana. Bibi amekufa. Amekufa jana usiku hospitalini, wewe ukiwa umelala.

Ndiyo, Bibi yetu. Bibi aliyekuwa akikuita mume wangu.

Unamkumbuka yule kipepeo tuliyemkuta dirishani? Ulimpuliza, mabawa yakatikisika, ukapiga kelele, "Mama, anaruka!" Kumbe ilikuwa pumzi yako. Yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuruka tena, alikuwa amekufa. Na mtu akifa, mwili wake unaacha kufanya kazi. Weka mkono hapa kifuani pangu. Unausikia? Du, du, du, huo ndio moyo. Sasa weka kwako. Wako unakwenda mbio kuliko wangu, mioyo ya watoto ndivyo ilivyo. Kunja ngumi. Moyo wako una ukubwa kama wa hiyo ngumi, na hausimami kusukuma damu, uwe unacheza, uwe umelala. Wa Bibi umesimama. Ukishasimama kabisa, mtu hapumui tena, haoni, hasikii, hawazi kitu.

Hapana, hasikii baridi. Njaa pia hasikii, wala hakuna kitu kinachomuuma. Hata ule mguu uliokuwa ukimsumbua akipanda ngazi, haumuumi tena.

Kwa nini umesimama? Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo, tangu wewe hujazaliwa. Vile vidonge alivyokuwa akimeza asubuhi, unavyomletea maji, vilikuwa vya moyo. Vilimsaidia miaka mingi. Halafu ugonjwa ukawa mkubwa, moyo ukachoka... hapo nimekosea, ngoja niseme vizuri. Si kuchoka kama unavyochoka wewe ukikimbia, ukikaa kidogo unapata nguvu. Moyo wake uliharibika, na madaktari wakashindwa kuutengeneza. Walijaribu. Mimi na mama mdogo tulikuwepo, tumemshika mikono, mmoja huku mmoja huku.

La, hawezi kuamka. Anayelala anapumua, moyo wake unapiga, asubuhi anaamka anataka chai. Wewe ukilala leo usiku utaamka kesho. Bibi hajalala, amekufa, na aliyekufa haamki. Nakuambia hivi kwa sababu watakuja watu wengi hapa nyumbani, na watu wazima neno hili la kufa linawashinda. Utawasikia wakisema Bibi amelala. Wengine watasema ametutoka, amekwenda, tumempoteza. Hajapotea, mwanangu, na hayuko safari, usimtafute wala usimngoje mlangoni. Maneno yote hayo maana yake moja tu, amekufa. Likikuchanganya neno la mtu, njoo uniulize mimi au Baba, hata kama nimekaa na wageni.

Mbona umeinama? Nitazame. Ni ule mkongojo?

Aa, mwanangu. Njoo. Njoo hapa mapajani.

Ulimfichia mkongojo nyuma ya kochi, akautafuta, akakugombeza, na wewe ukamwambia humtaki. Nilisikia, nilikuwa jikoni. Sasa nisikilize vizuri sana. Si wewe uliyemfanya afe. Hata kidogo. Maneno hayawezi kusimamisha moyo wa mtu, wala hasira haziwezi, wala kuficha mkongojo. Ni ugonjwa. Na Bibi alijua kwamba ulikasirika tu. Unajua jioni ile alifanya nini? Alinisimulia habari ya huo mkongojo huku akicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Akasema, "Mume wangu huyu ananifunza kutembea bila fimbo." Alikuwa hana kinyongo na wewe.

Hata mimi niliwahi kumwambia simtaki nilipokuwa mdogo. Bibi alikuwa mama yangu, unajua? Kama mimi nilivyo mama yako.

Ndiyo, nalia. Nalia kwa sababu nampenda na nitamkumbuka. Hujanifanyia kitu kibaya, na huna haja ya kuninyamazisha. Nikimaliza nitakwenda kunawa uso na tutakula. Na wewe ukitaka kulia, lia. Usipotaka, basi. Ukijisikia kucheza, cheza, sisi hatuoni vibaya.

Mimi? Kila mtu atakufa siku moja, mwanangu, hata mimi, siwezi kukudanganya. Lakini mimi siumwi. Bibi alikuwa na miaka 78, na watu wengi hawafi mpaka wawe wazee sana. Nategemea kuwepo miaka mingi, mpaka uwe mtu mzima unipite urefu. Baba hivyo hivyo. Na hata likitokea jambo, huwezi kuachwa peke yako: yupo mama mdogo, yupo mjomba, wote hao ni watu wako.

Mafua yako ya wiki iliyopita yalikuwa mafua tu, si yameshapona? Watu huugua wakapona. Mimi nimeugua mara ngapi, na niko hapa. Ugonjwa wa Bibi haukuwa kama huo, na hauambukizi. Ulikunywa kwenye kikombe chake, haidhuru kitu.

Swali zuri. Ukitoka shule atakupokea mama mdogo. Kuanzia Jumatatu atakuwa akikungoja pale pale getini, na mtarudi naye nyumbani. Hajui ile hadithi ya sungura kama Bibi alivyokuwa akiisimulia. Utamfundisha wewe.

Kesho kutwa tutamzika. Mwili wa Bibi utawekwa kaburini, yaani shimo lililochimbwa ardhini, kisha watu watalifukia kwa udongo. Najua inaogofya kusikia udongo. Lakini kumbuka tulivyosema, mwili wake hausikii kitu tena, hausikii giza, hauhitaji kupumua. Ukitaka kuja, Baba atakushika mkono muda wote, na mkitaka kuondoka kabla hatujamaliza mtaondoka. Hutaki, utabaki na jirani. Huna haja ya kunijibu sasa hivi. Nitakuuliza tena kesho.

Unataka miwani yake? Ipo kwenye mkoba wangu, nilipewa jana. Hii hapa. Shika taratibu, mkono mmoja umelegea, ni ule alioufunga uzi. Ndiyo, jaribu. Unaona ukungu eh? Na mimi naona ukungu nikiivaa, ilitengenezwa kwa macho yake.

Tutaiweka kabatini, rafu ya chini, uweze kuifikia. Picha zake nazo hatuziondoi. Kumtaja tutamtaja, ukimkumbuka wakati wowote sema tu, usiogope kwamba nitalia.

Hapana, Jumapili haji. Harudi, mwanangu. Najua nimeshakuambia, na ukiniuliza tena nitakuambia tena.

Haya, mpira uko nyuma ya mlango. Baba anatoka na wewe. Lete kwanza hicho kiatu nikufunge kamba.