Ripoti ya Wiki: Slabu ya Ghorofa ya Pili, Saiti ya Utawala

Kwa: Injinia msimamizi wa mradi
Kutoka: Fomani wa saiti
Wiki: Jumatatu 10 hadi Jumamosi 15 Novemba 2025

Injinia, shikamoo.

Naanza na jambo ambalo utaliuliza kwanza. Slabu haijaisha. Tumemwaga kiasi cha theluthi mbili. Mvua ilitukuta Alhamisi saa nane na nusu mchana, nami nikasimamisha kazi. Nimeeleza hapa chini tulivyokata na tulichobakiza. Ningependa uje uone kiungo mwenyewe kabla hatujaendelea.

Jumatatu hadi Jumatano

Fomuweki ilikamilika Jumatatu jioni. Propu zote zimesimama juu ya mbao, hakuna iliyokaa kwenye tope. Vyuma vilifungwa Jumanne. Fundi wa stima alichelewa nusu siku kulaza mabomba yake, kwa hivyo Jumatano asubuhi tulimngoja yeye.

Jumatano mchana nilipita chini ya vyuma na tochi. Upande wa ngazi nilikuta vyuma vimeinuliwa kwa vijiwe badala ya biskuti za saruji. Vilikuwa kumi na vinne. Fundi alisema biskuti zimeisha na vijiwe ni vigumu kuliko hata saruji. Sikukubali. Kijiwe kinateleza mtu akikanyaga, chuma kinalala juu ya ubao, na ukifungua fomuweki unakiona kimeshika kutu, kinakuchekea. Tuliviondoa vyote. Biskuti mpya tulikuwa nazo stoo, hakuna aliyekwenda kuziuliza.

Alhamisi

Tulianza kumwaga saa moja asubuhi. Nilikuwa na mafundi 5 na vibarua 22. Mchanganyiko ni 1:1.5:3 kama ulivyoagiza, mfuko mmoja wa saruji kwa kila mzunguko wa mikisa. Tunapima kwa boksi, si kwa wilbaro. Wilbaro ya mtu aliyekunywa chai na ya mtu mwenye njaa hazijai sawa.

Kipimo cha kwanza cha koni kilishuka milimita 80. Nilikiridhia. Saa sita nilipima tena, ikashuka 150. Nilisimama karibu na mikisa nione kinachoendelea. Kijana wa maji alikuwa akiongeza nusu ndoo kila mara, kwa sababu waliokuwa juu walimpigia kelele kwamba zege ni ngumu kusukuma. Wanapenda ije laini kama uji. Mzunguko ule niliukataa, ukamwagwa kwenye njia ya lori. Kijana sikumfukuza. Nilichora alama ya rangi ndani ya ndoo na kumwambia maji yasipite hapo. Kipimo kilichofuata kilirudi 85.

Saa nane wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Ruai. Nilikuwa na chaguo mbili: kukimbizana na mvua hadi mwisho, au kukata mapema. Niliamua kukata. Ubao wima uliwekwa katikati ya spani ya pili, mbali na bimu, mahali ulipotuonyesha wakati wa slabu ya kwanza. Vaibreta ilipita hadi kwenye ubao. Mvua iliposhuka tulikuwa tunatandaza nailoni. Mizunguko miwili iliyokuwa kwenye wilbaro ilipigwa na mvua, nayo tuliitupa. Nilichunguza uso Ijumaa asubuhi: mita moja hivi kwenye kona ya mashariki nailoni ilipeperuka, na saruji ya juu imeoshwa mpaka kokoto zinaonekana. Mahali pengine pako sawa. Ile kona nayo uione.

Tulichukua vipande 6 vya kupimwa nguvu. Vitatu vinakwenda maabara Alhamisi tarehe 20, vitatu vinangoja tarehe 11 Desemba.

Hesabu ya saruji

Slabu na bimu zake ni mita za ujazo 24. Kwa mchanganyiko wetu ni kama mifuko 8 kwa kila mita, yaani 192. Tuliingiza 200. Tumemwaga mita 16, mifuko 128, na juu yake ile 3 iliyotupwa. Ilipaswa kubaki 69.

Imebaki 60 inayofaa. Mifuko 9 ililowa, na kosa ni langu. Niliipanga kwenye mbao vizuri, lakini nikaiegemeza ukuta wa mabati. Maji yaliingia kwa tundu la msumari usiku wa Alhamisi. Mifuko ile imeshaanza kuganda upande mmoja. Fundi mmoja aliniomba tuipepete itumike kwenye plasta. Nimekataa, nimeiweka kando na kuiandika alama ya X. Stoo sasa ina nafasi ya kupita mtu kati ya saruji na ukuta.

Mita 8 zilizobaki zinahitaji mifuko 64. Naomba uidhinishe 20, ili tupate ya kumalizia, ya uji wa kiungo na akiba kidogo.

Barabara na watu

Barabara ya kuingilia inatumaliza. Ni udongo mweusi mtupu, na ukinyeshewa unashika tairi kama ugali. Lori la kokoto lilikwama Ijumaa na kumwaga mzigo mita 60 kutoka getini. Vibarua 6 walishinda nusu siku wakiusogeza kwa wilbaro. Lori mbili za haradkoo zingetuponya, na nadhani zingejilipa kwa mwezi mmoja. Jirani wa upande wa kushoto pia amelalamika kwamba tope letu linaingia kwake. Ana haki. Tumemchimbia mtaro mdogo, akanyamaza, ila sijui kwa siku ngapi.

Jumanne kibarua mmoja alikanyaga msumari. Alikuwa amevaa kandambili. Alipelekwa kliniki, akachomwa sindano ya pepopunda, na amerudi kazini Ijumaa. Tangu hapo asiye na gambuti haingii. Walinung'unika Jumatano, Alhamisi wote walikuwa nazo. Mbao sasa zinang'olewa misumari palepale zinapofunguliwa, hazitupwi kwanza.

Malipo ya Jumamosi yamekamilika kwa M-Pesa. Vibarua wawili wanadai siku moja kila mmoja. Nimeangalia daftari: mmoja ana haki, wa pili hakuwepo. Wa kwanza nitamlipa Jumatatu.

Wiki ijayo

Sehemu iliyomwagwa inanyweshwa asubuhi, mchana na jioni, na magunia hayaruhusiwi kukauka. Tutaendelea hivyo kwa siku 7. Kesho Jumapili mlinzi ndiye atakayemwagia maji, nami nitapita saa nne kuhakikisha.

Jumatatu tutatoa ubao wa kiungo, tukwangue kwa brashi ya waya hadi kokoto zionekane, tuoshe. Jumanne tarehe 18, ukiwa umekubali, tutapaka uji wa saruji na kumwaga mita 8 zilizobaki. Tutaanza saa kumi na mbili na nusu. Mvua za wiki hii zote zimekuja baada ya saa nane, na nataka tuwe tumemaliza saa sita.

Propu hazitaguswa kwa siku 21. Sehemu ya kwanza ni hadi tarehe 4 Desemba, ya pili hadi tarehe 9. Mwenye jengo alinipigia simu akiuliza kama zinaweza kutolewa mapema ili kuta za chini zianze. Nimemwambia azungumze nawe. Tafadhali usimkubalie.

Ninachongoja kutoka kwako kabla ya Jumatatu jioni ni mambo matatu: uje uone kiungo na ile kona, saruji mifuko 20, na neno lako kuhusu haradkoo. Jumatatu niko saitini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukija, acha gari kwenye lami.

Wako kazini,
Fomani wa saiti, Utawala
Jumamosi, 15 Novemba 2025